Maneno yangu yabaki kwako: namna ya kumuomba rafiki asipige kaptire

Siku ile ya yenga, kiisha misa, mama mmoja anayefanya kazi katika laboratwari ya kiwanda cha shaba hapa Likasi alifika kwetu Kikula. Alikaa, akakunywa munkoyo tuliyomupa, akauliza habari za watoto. Kiisha akatoa telefoni yake, akaiweka juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini: "Yaya, hii kaptire ilitoka ku telefoni yako. Sikukuya kwa kugombana. Nakuya kukuomba kitu kimoja."

Sisi tuko delege wa sendika. Kila siku watu wanatuandikia: huyu mshahara wake umekatwa, yule kontra yake imekwisha na hakuna anayemwambia kitu. Tulikuwa tunajiona watu wa kutunza siri. Lakini mama alisema kweli. Telefoni ilikuwa ya mmoja wetu, kosa tunalibeba wote, na ndiyo sababu tunaliandika hapa.

Mambo yalianza siku ya ine, saa tatu na robo ya usiku. Mama alimwandikia mmoja wetu, ambaye ni rafiki yake tangu shule, mistari mitano kwa WhatsApp. Alisema maske za kujikinga na mvuke wa asidi hazijafika tangu juma tatu. Alisema kapita anawapa karatasi ya kusaini kama wamezipata. Alisema yeye hakusaini, lakini wenzake wawili walisaini juu ya woga, na aliwataja kwa majina. Mstari wa tano ulikuwa huu: "Usimwambie mutu kwanza, nitakuya kukuelezea."

Rafiki alisoma, damu ikamuchemka. Maske! Tulikuwa tunaomba maske tangu mwanzo wa mwaka, na direksio ilikuwa inatujibu kwamba karatasi zote zimesainiwa. Sasa ukweli ulikuwa mbele yake. Akapiga kaptire, yaani picha ya kile kioo cha telefoni kinaonyesha, akakata chini ili picha iwe safi, akaituma katika grupe ya delegasio. Tulikuwa watu 11 ndani ya ile grupe. Kwa kukata chini, alikata mstari wa tano. Hakufanya kwa ubaya, hata hakuona. Ila sisi tuliobaki tulisoma mistari mine tu, na hakuna aliyejua kwamba mwenyewe aliomba kimya.

Mmoja katika wale 11 akaipeleka katika grupe ya posti ya usiku. Pale wako zaidi ya watu mia, na kati yao wako makapita. Asubui ya siku ya tano, mbele hata ya saa mbili, mama alipewa demandi ya eksplikasio: aeleze kwa maandishi sababu gani anachafua jina la kampuni. Wale wenzake wawili nao waliisoma kaptire, na majina yao yalikuwa pale. Mmoja alilia. Mwingine alimwambia mama maneno ambayo hatutayaandika katika gazeti.

Tulipomuuliza mama alijua namna gani kwamba kaptire imetoka kwetu, alitufundisha kitu ambacho kila mwenye telefoni anapashwa kujua. Katika WhatsApp, maneno aliyoandika mwenye telefoni yanakaa upande wa kuume, ndani ya rangi ya majani. Maneno aliyopokea yanakaa upande wa kushoto. Katika ile kaptire, maneno ya mama yalikuwa kushoto. Basi picha haikutoka kwa telefoni yake. Ilitoka kwa telefoni ya aliyepokea, na yeye alikuwa ameandikia mtu mmoja tu. Tena juu kabisa liliandikwa jina "Mama Labo". Ni sisi tu tunaomwandika hivyo katika telefoni. Pembeni palionekana jina la rezo na bateri iliyobaki asilimia 17. Mama hakuhitaji polisi. Kaptire inamsema aliyeipiga.

Lakini angalia vizuri, maana hapa watu wanadanganyika. Lile jina la juu haliwezi kuwa ushahidi wa nguvu. Ni jina ambalo mwenye telefoni ameliandika mwenyewe. Mtu anaweza kuandika namba ya shemeji yake kwa jina la direkteri, aongee na shemeji, kiisha apige kaptire na kuonyesha kila mtu "maneno ya direkteri". Na kaptire inakatwa juu, inakatwa chini, kama vile sisi tulivyokata. Ukitaka kujua ukweli, omba kuona maongezi yenyewe ndani ya telefoni, na ya mbele na ya nyuma.

Kupeleka mbele, ile watu wanaita kutransfere, ni kitu kingine. Mesaji ya maandishi ikitransferewa inabeba neno "Transféré" juu yake, lakini haibebi jina la aliyeiandika kwanza wala siku aliyoiandika. Kwa hiyo kaptire inamuumiza mwenye maneno zaidi, juu inabeba jina lake. Transferi nayo inakimbia zaidi: kwa mara moja unaweza kuituma kwa maongezi matano. Tangu 2020, ile iliyokwisha kupita mikono mingi, yenye mishale miwili, WhatsApp inairuhusu kwenda kwa ongezi moja moja tu. Inapunguza mbio, haifungi mlango. Kaptire ya mama ilibeba jina lake, kiisha ikatransferewa. Ilipata mabaya yote mawili.

Wengine watasema: telefoni yenyewe iko na dawa. Tulizitafuta hizo dawa, na tunazisema kwa ufupi. WhatsApp haikuambii kama mtu amepiga kaptire ya maongezi yenu. Hakuna alama, hakuna sauti. Iko "Messages éphémères", mesaji zinazojifuta kiisha saa 24, siku 7 au siku 90, lakini aliyepiga kaptire siku ya kwanza anabaki nayo. Iko "Vue unique", kwa picha, video na vokali: inafunguliwa mara moja tu, na inakataza kaptire. Basi, mtu anachukua telefoni ya bibi yake na kupiga picha ya telefoni yake. Na kwa maneno ya kuandika, "Vue unique" haiko. Ndiyo maana inabaki kuomba. Mtu anaombwa, telefoni haiombwi.

Sasa mama aliomba namna gani? Tulidhani atasema: "Musiseme tena mambo yangu." Hakusema hivyo. Alisema hivi: "Habari ya maske ni ya batu bote, muipeleke mbele, njo kazi yenu. Lakini maneno yangu ni yangu. Kama nakuandikia, andika tena kwa mukono yako, bila jina yangu, bila majina ya benzangu. Usipige kaptire yangu hata kama ni kwa kunisaidia."

Tulikaa kimya. Alikuwa ametenga vitu viwili ambavyo sisi, watu wa sendika wa miaka mingi, tulikuwa tunavichanganya. Kuna habari, na kuna maneno ya mtu. Habari ya kwamba maske hazijafika inaweza kutoka bila mtu kuumia: delege anaandika barua kwa direksio, anaomba kuonyeshwa karatasi ya depo, anakwenda mwenyewe kuhesabu. Maneno ya mama, na jina lake, na hasira yake ya usiku, na majina ya waliosaini, hayo yalikuwa ya rafiki mmoja. Tukimwambia rafiki "usiseme kwa mtu", mara nyingi tunamuomba kitu kizito kuliko nguvu yake. Roho inamuwasha, kiisha siku mbili anasema. Tukimwambia "unaweza kusema habari, lakini usionyeshe maneno yangu", tunamuomba kitu anachoweza.

Tangu siku ile tulibadilisha namna yetu, na tunawaomba watu wafanye vile kwetu pia. Mbele ya kuandika jambo la hatari, usianze na jambo. Anza na ombi, peke yake, na ungoje jibu. Kwa mfano: "Ndugu, niko na neno ya weye peke yako. Sitaki kaptire, sitaki kutransfere. Ni sawa?" Akijibu ndiyo, andika. Asipojibu, au akijibu kwa kicheko tu, usiandike. Mupigie, au ungoje mukutane. Ombi linalokuja nyuma, kama mstari wa tano wa mama, linachelewa: mtu amekwisha kusoma, kidole chake kimekwisha kwenda. Tena, kama tulivyoona, linakatwa.

Toa pia sababu, hata kwa maneno machache. "Usitume" peke yake inaonekana kama haumuamini rafiki, na rafiki anaudhika. Lakini ukimwambia "kuna majina ya watu wawili wenye watoto, wanaweza kupoteza kazi", anaona wale watu mbele ya macho yake kila anapotaka kutuma. Kwa mkubwa, omba kwa heshima yake: "Yaya, nakuamini, lakini wadogo wanachukua telefoni yako kila saa, ukisoma, futa." Hapo haumushitaki yeye, na umesema ukweli, juu katika nyumba zetu telefoni moja inachezewa na watu wane.

Na kama imekwisha kutoka? Mama alifanya vitu viwili vizuri na kimoja alichelewa. Hakuandika katika grupe. Angeandika pale "nani alituma kaptire yangu?", watu mia wangeanza kutafuta kaptire ambao hawakuiona bado. Alikuja kwa miguu, akakaa, akaongea na mtu mmoja. Tena swali lake la kwanza halikuwa "sababu gani ulifanya hivi?" Lilikuwa: "Uliituma kwa nani, na ni grupe ngapi?" Swali la sababu linaleta kujitetea na saa zinapita. Swali la wapi linaleta majina ya kwenda kuona.

Alichelewa kwa siku tu. WhatsApp inamwachia aliyetuma nafasi ya kubonyeza "Supprimer pour tous" kwa muda wa zaidi kidogo ya siku mbili. Kaptire ilitumwa siku ya ine usiku; yenga kiisha misa, mlango ulikuwa umefungwa. Angetupigia siku ya tano asubui, tungeifuta katika grupe yetu, na yule mwenzetu angeifuta katika grupe ya posti. Isingeondoka kwa waliokwisha kuiweka katika picha zao, wala kule walikoipeleka wao. Lakini watu wa posti ya usiku wengi wanasoma mesaji mchana wakiamka. Nusu yao wasingeiona.

Tulichofanya sisi ni hiki. Tuliandika kwa yule mwenzetu wa delegasio, siyo kumgombeza, ila kumuuliza orodha ya alikotuma. Tulikwenda kwa wale mama wawili waliosaini, mmoja Panda na mwingine Shituru, tukasema kwa kinywa chetu kwamba rafiki yao aliomba siri na sisi ndio tulioivunja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu zaidi. Ni rahisi kumuomba rafiki msamaha. Ni nguvu kusimama katika lupango ya mtu ambaye hakukuandikia kitu na kumwambia umemuweka katika hatari.

Kwa demandi ya eksplikasio, tulimsaidia mama kuandika jibu fupi. Hakukana maneno yake. Aliandika kwamba yalikuwa mesaji ya mtu kwa mtu, na kwamba kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu na siri ya barua na mawasiliano yake. Aliongeza kwamba jambo lenyewe, maske, linaweza kuangaliwa katika depo. Delege wawili walimsindikiza. Mambo yaliishia kwa onyo la kinywa. Maske zilifika kiisha majuma mawili, siyo zote. Mmoja wa wale wenzake alirudi kuongea naye. Mwingine, mpaka leo, wakikutana mlangoni anaangalia upande mwingine.

Anayetuma mbele naye asijidanganye kwamba yeye ni njia tu. Kodi ya numerike ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inampa azabu anayeanzisha na hata anayepitisha habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao: kifungo cha mwezi moja mpaka sita, au kulipa, au vyote viwili. Kaptire iliyokatwa mpaka maana ikageuka, mwanasheria anaweza kuiita uongo. Na tuliona huko Kinshasa mambo ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa tarehe 8 Septemba 2023. Haikuwa maongezi ya marafiki; ilikuwa karatasi juu ya kifo cha Chérubin Okende iliyozunguka katika telefoni za watu, na yeye alikana. Lakini swali kubwa la parke lilikuwa lile lile la mama: ilipita kwa mkono wa nani? Alikaa gerezani zaidi ya miezi sita, akahukumiwa tarehe 18 Machi 2024, akatoka kesho yake.

Iko sehemu moja ambapo hatukubali ombi hili, na tunalisema wazi juu makapita wengine wanasoma gazeti. Shefu anayemwandikia binti wa kazi usiku, "kuya kwangu kama unataka kontra", kiisha anaongeza "usipige kaptire", huyo haombi urafiki. Anaficha. Binti apige kaptire, akiacha tarehe na namba zionekane, asifute maongezi yenyewe, na aonyeshe mtu mmoja anayemuamini: delege, avoka, au inspekteri wa kazi. Mtu mmoja, siyo grupe. Ni vile vile kwa anayeandika kwamba atamwua mtu au atajiua. Hapo rafiki anapashwa kusema, na ni bora amwambie mwenyewe: "Hii siwezi kuinyamazia."

Kwa mengine yote, sisi katika delegasio tulikubaliana. Mtu akituandikia, tunamuuliza mbele: "Tuandike tena, ama tubaki nayo?" Akisema tuandike tena, tunaandika kwa maneno yetu, tunamsomea kwa telefoni, anakubali au anakata, kiisha tu ndiyo inakwenda katika grupe. Inachukua dakika kumi zaidi. Wenzetu wawili walinunika kwamba inachelewesha kazi, na ni kweli inachelewesha.

Mama bado anatuandikia. Siyo mara nyingi kama zamani. Juma lililopita mesaji yake ilianza hivi: "Yaya, ni ya weye peke yako. Ni sawa?" Tulijibu kwamba ni sawa, tukangoja.